Kupima Si Kuvaa

Mume wangu alizikwa Ijumaa, na kabla jua halijazama mama mkwe alikuwa amekwisha kunionyesha mipaka yangu. Chumba changu, sebule, ua wa nyuma wenye jiko na choo. Mlango wa mbele haukunihusu tena. Hakusema nami kwa ukali. Aliuelekeza mkono tu, hapa ndiyo, pale hapana, na mimi nikaitikia kwa kichwa kwa sababu siku ile hata kama angeniambia nikae ndani ya debe la mahindi ningekaa.

Hiyo ndiyo eda. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa ndani, hajipambi, hajipaki manukato, havai nguo ya kung'aa, wala hatoki ila kwa dharura. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni na nilidhani naijua. Kukijua kitu na kukikalia ni mambo mawili tofauti. Wiki ya kwanza nilikuwa nalia tu, sikuwa na habari na mlango. Wageni walipoisha na ubwabwa wa msiba ukaisha, ndipo nikaanza kuuona. Nyumba yetu iko nje kidogo ya Mtinko, na kutoka dirisha la chumba changu naliona shamba la alizeti na kipande cha barabara ya kwenda Singida mjini. Kila gari lililopita nililisindikiza kwa macho mpaka vumbi likatulia.

Mjini kulikuwa na dada yangu. Ana cherehani na kibanda cha kushonea karibu na soko, na siku ya tatu ya msiba aliniminya mkono akaninong'oneza: "Eda ikiisha, njoo. Chumba kipo." Mimi na marehemu tuliishi miaka mingi bila kupata mtoto, na watu walikuwa wamekwisha kuchoka hata kutusema. Kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kunifunga pale. Ningemaliza siku zangu, ningemshukuru mama mkwe kwa heshima zote, ningepanda gari. Nililipanga hilo nikiwa nimelala chali natazama bati, na kwa kweli ndilo lililoniwezesha kuamka asubuhi.

Blauzi ilizaliwa humo. Nilitaka siku ya kutoka nivae kitu nilichokifuma kwa mkono wangu, kitu ambacho hakijawahi kuona msiba. Baadaye dada angekitundika kibandani kwake na watu wangejua mimi ni nani.

Kufuma nilifundishwa na mama mkwe mwenyewe mwaka nilioolewa. Ila yeye alifuma vitambaa vya makochi na vya meza, vile vyeupe vya maua, na baada ya kuvifuma alivichovya kwenye uji mwepesi wa wanga, akavinyoosha kwa pini juani mpaka vikakauka kama kaki. Kwake kitambaa kilichofumwa vizuri ni kile kinachosimama. Mshono uwe mdogo, mkono uwe umekaza, usionekane hata upenyo wa kupitisha njiti ya kiberiti pasipotakiwa. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Hilo ndilo lililoniponza.

Nilimtuma shemeji, mdogo wake marehemu, aninunulie uzi mjini. Shemeji yangu ni mtu mwema, lakini kwa eda hatukutazamana ana kwa ana. Yeye alisimama upande wa pili wa pazia la sebule na mimi upande wangu, tukiongea kama watu wawili waliogombana.

"Uzi wa namna gani, shemeji?"

"Wa kufumia. Laini."

"Laini kama nini?"

Laini kama nini? Nikamwambia akichagua asikie mkononi. Alikuja na mabonge manne ya uzi mnene wa masweta, mzito, wa kumvalisha mtu wa kule kwenye barafu. Kwa kuushika ulikuwa laini kweli, sina cha kumlaumu. Nikaufuma kwa mkono wangu wa vitambaa, sindano ndogo, mishono imebanana. Nilipofika usawa wa kwapa nikaiweka blauzi mezani nikaenda kuonja mboga. Niliporudi nikaikuta imesimama yenyewe, shingo juu, mabega yamepanuka, haina mtu ndani.

Mama mkwe akaizunguka akiitazama. "Sasa hiki ndicho kitambaa," akasema kwa kuridhika.

"Mama, ni blauzi."

"Mh." Akaigusa begani, ikarudi ilivyokuwa. "Basi aliyeivaa asiiname."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na yeye akacheka, kisha wote tukaona aibu.

Usiku ule nilifikiri sana juu ya neno la kumwambia mtu asiyefuma. Nguo nzuri ya kuvaa hulala. Inaanguka kutoka begani, inapita kifuani, inashuka bila kubishana na mwili. Uzi ukiwa mnene na sindano ikiwa ndogo, mishono inabanana haina pa kucheza, na kitu kisicho na pa kucheza hakiwezi kulala. Kilichokuwa kinatakiwa ni uzi mwembamba, wa pamba uliosokotwa kwa kulegea, usiong'aa kama ule mkavu wa vitambaa, na sindano kubwa kuliko uzi unavyodai, na mshono mrefu wa kuzungusha uzi kwenye sindano kwanza. Niliyafikiri hayo yote nikiwa mimi mwenyewe nimebanwa kati ya ukuta na ukuta, nikaona kuna mtu ananidhihaki.

Safari hii nilimtuma wifi, dada yake marehemu, aliyekuwa akienda mjini kupeleka mafuta ya alizeti. Nikamfundisha kupima. "Usiushike bonge zima. Vuta uzi kidogo, uninginize kwenye kidole. Ukisimama mbali na kidole, uache. Ukianguka pande zote mbili kama umechoka, huo."

"Na rangi?"

Hapo nikakwama, maana mama mkwe alikuwa anasikia. Nikasema yoyote. Wifi, ambaye ana akili kuliko sisi wote, akaniletea kijani cha jani changa la alizeti.

Mama mkwe aliutazama ule uzi muda mrefu. Mjane na kijani. Nikamweleza kwamba nafuma tu, sitauvaa mpaka siku zangu ziishe, lakini blauzi ya namna hii hufumwa kuanzia shingoni kushuka na lazima uipime mwilini kila unapofika mahali. Akatafakari. "Kupima si kuvaa," akasema mwishowe. "Lakini usizoee."

Nikaanza. Mnyororo wa shingo, nikauunga ukawa duara, nikaugawa sehemu nne: mbele, nyuma, na mabega mawili. Kwenye zile kona nne, kila mzunguko, naweka mishono miwili, mnyororo mmoja, mishono miwili katika tundu lile lile. Ndivyo inavyotanuka. Ukiisahau kona moja, bega moja litakuwa la mtu mwingine. Ilipofika kwapani nikayaruka mabega, nikaunganisha mbele na nyuma kwa minyororo michache chini ya kila mkono, na kuanzia hapo ikawa mwili mmoja wa kuzunguka. Nikaivaa kupima, mlango nimefunga. Ilianguka. Siwezi kusema vingine. Nilinyanyua mkono ikanyanyuka, nilishusha ikashuka, na kifuani ilitulia kama imefumwa na mtu anayenipenda. Niliivua upesi kwa sababu nilikuwa nimeanza kuzoea.

Kifua kikapita, nikaanza kupunguza ili ikae kiunoni. Kupunguza ni kuvuta mishono miwili ambayo haijamalizika ukaifunga pamoja ikawa mmoja, mara moja kila ubavu, unaacha mizunguko miwili, unarudia. Kiuno changu nilikuwa nakijua. Nilikuwa nimejipima kwa kamba mwanzoni, nikaifunga fundo.

Nikapima. Ikakaza.

Nikajua kosa ni la mkono. Kila anayefuma analijua hili: ukiwa na hasira au huzuni, unavuta uzi bila kujua, na mishono ya jioni inakuwa midogo kuliko ya asubuhi. Na mimi nilikuwa na vyote viwili. Nikafumua mizunguko yote ya kupunguza, nikarudia kwa mkono uliolegea, nikijiambia pole pole, hakuna anayekukimbiza. Nikapima tena baada ya siku kadhaa. Ikakaza zaidi.

Nikafumua tena. Nikapunguza mara chache kuliko kwanza. Ikakaza. Nilianza kuogopa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili au zaidi kidogo niwe mtu huru, na blauzi niliyotaka kutoka nayo ilikuwa inakataa kufika kiunoni. Nililia juu ya ule uzi kuliko nilivyolia juu ya mambo makubwa zaidi. Nilimkasirikia marehemu kwa kufa, nilimkasirikia dada kwa kuwa na chumba, nilimkasirikia jogoo aliyekuwa anapita kwenye mlango wa mbele kila asubuhi kama baba mwenye nyumba, akitoka, akirudi, akitoka. Kukaa ndani kunakufanya uwe mtu mdogo sana. Sikuwa najijua kwamba naweza kumwonea wivu kuku.

Sikutaka mama mkwe aione. Mwalimu wako akuone umefumua mara ya tatu? Lakini siku moja aliingia bila kubisha, akanikuta nimekaa kitandani na uzi umejaa mapajani.

"Nione."

"Bado, mama. Nikishamaliza."

"Mficha uchi hazai, mkamwana. Lete."

Nikampa. Akaitandaza kitandani ikalala, akaweka miwani. Akaanza kuhesabu mzunguko wa chini ya kwapa kwa ncha ya kidole, akisogeza midomo kwa Kinyaturu. Kisha akahesabu ule wa kiunoni. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulifikiria: aliweka vidole vinne juu ya mishono ya juu, ile ya mwanzo iliyonikaa vizuri, akaona vimefunika mingapi, akashuka akaweka vidole vile vile juu ya ile ya kiunoni. Akarudia kwa upande wa nyuma. Mingapi juu, mingapi chini, ilikuwa sawa sawa.

"Mkono wako haujakaza," akasema.

"Umekaza, mama. Tazama, hainipiti."

"Mkono haujakaza. Uzi ni ule ule, sindano ni ile ile, mshono ni ule ule. Ile kamba uliyojipimia iko wapi?"

Nikaitoa chini ya godoro. Akanisimamisha, akanizungushia kiunoni juu ya nguo. Ncha haikufika kwenye fundo. Ilipungua kwa upana wa kiganja. Alikaa ameishika ile kamba muda mrefu, na uso wake niliuona ukibadilika taratibu, wala sikuelewa unabadilika kuwa nini.

"Mwezi uliona lini mara ya mwisho?"

Nikasema sikumbuki. Kwangu mimi haukuwahi kuwa na adabu, unakuja unapotaka, na tangu msiba nilidhani umekufa naye. Kichefuchefu cha mwanzo nilikiita huzuni. Usingizi nao nikauita huzuni. Kila kitu kilichonipata mle ndani nilikipa jina hilo moja.

Wifi alitumwa duka la dawa akarudi na kipimo amekificha ndani ya mfuko wa dagaa. Mistari miwili. Mama mkwe alipoiona alishuka chini pale pale kwenye sakafu ya saruji, akasujudu, na aliponyanyuka alikuwa analia kwa sauti, analitaja jina la mwanawe ambalo hakuwa amelitamka tangu tumzike. Akanikumbatia. Nami nikamkumbatia. Nilifurahi, nisiseme uongo, kuna sehemu yangu iliyoruka kama mbuzi. Miaka yote ile, halafu anakuja huyu, baba yake akiwa hayupo kumwona. Lakini juu ya bega lake nilikuwa naliona dirisha, na barabara, na nilikuwa ninajua anachotaka kusema kabla hajasema.

"Basi eda yako si ile tena," akasema akijifuta. "Mwenye mimba eda yake ni kujifungua."

Nilikuwa nimejua. Kila msichana aliyekaa madrasa anajua. Nikahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake, nikaacha kuhesabu. Nilikuwa ninakaribia mlango na mlango ukasogezwa mbele, na aliyeusogeza alikuwa ndani yangu, hana hata kosa la kumlaumu. Nilimkasirikia hata hivyo. Nilimkasirikia siku nyingi, na nilimwomba msamaha siku nyingi, na nikamkasirikia tena.

Dada alipiga simu. Alifurahi mno, kisha akasema, "Basi chumba nitampa yule binti anayenisaidia, kwa sasa tu." Nikamwambia ni sawa.

Blauzi ilikaa mwezi mzima ndani ya mfuko. Nilipoitoa, nilifumua mizunguko yote ya kiunoni mpaka chini ya kifua, safari hii bila machozi, nikijua kwa nini. Nyuma niliifuma moja kwa moja bila kuongeza wala kupunguza. Mbele, katikati, nikaanza kuongeza: mishono miwili katika tundu moja, naacha kadhaa, miwili tena, naacha mzunguko, nasogeza mahali ili isijipange ikawa mstari unaoonekana. Ukiongeza mbele na nyuma unapata gunia. Ukiongeza mbele tu, unapata nafasi ya mtu mmoja. Mama mkwe alikuwa anakaa karibu yangu na kitambaa chake cheupe, na mara kwa mara alinyoosha mkono akaushika upindo wa blauzi, akauachia uanguke.

"Hakisimami kabisa," akasema siku moja.

"Hakitakiwi kusimama, mama."

"Naona." Akakiangusha tena. "Ningemfumia mwanangu kanzu ya namna hii, asingeikataa."

Kipindi kile nilianza kujua kwamba na yeye hatoki. Hakuwa na eda. Angeweza kwenda sokoni, kwenye harusi, popote. Lakini tangu tumzike mwanawe hakuwahi kuvuka ule mlango wa mbele ila kwenda kuchukua maji, na mimi niliyekuwa nikiuhesabu mlango mchana kutwa sikuwa nimeliona hilo.

Uchungu ulinishika alfajiri moja yenye upepo, na upepo wa Singida ukiamua hausikilizi mtu. Kwenda kituo cha afya ni dharura, kwa hiyo mlango wa mbele niliupita nimejikunja, nashikwa mikono na watu wawili, sikuuona hata kidogo. Mama mkwe ndiye aliyebeba mfuko: kanga, beseni, sabuni. Nilijifungua salama mtoto wa kiume, mweusi kama baba yake, mwenye sauti ya mtu anayedai haki. Walipomfunga kanga vizuri, mama mkwe akafungua mfuko, na chini ya kanga zote akatoa blauzi ya kijani.

"Eda yako imeisha," akasema. "Sasa si kupima. Vaa."

Sikuivaa siku ile, nilikuwa sijiwezi. Niliivaa siku ya tatu tuliporuhusiwa. Ile nafasi niliyoiongeza mbele sasa haikuwa na mtu, lakini uzi ulikuwa umefunzwa kulala, ukaanguka juu ya tumbo lililolegea bila kulitangaza. Nikajitazama kwenye kioo cha dirisha. Nilikuwa mzuri. Halafu nikakumbuka kwamba nimetoka kwenye eda na ninaingia kwenye arobaini, ambayo nayo mzazi hukaa ndani, na nikaanza kucheka mpaka nyuzi alizonishona nesi zikaniuma.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amempakata mjukuu wake kwenye benchi la nje, kivulini, tukimsubiri shemeji aje na gari la kukodi. Alinitazama ninavyotazama barabara.

"Nenda mpaka pale," akasema, akainua kidevu kuelekea getini. "Tembea, urudi. Nani atakuona?"

"Mama, arobaini."

"Naijua arobaini. Nenda. Mtoto ninaye."

Nikaenda. Nilitembea polepole kwa maumivu, na upepo ukaishika blauzi ukaipeleka nyuma, ukairudisha, nami nikaiachia. Nikapita geti. Nikasimama ukingoni mwa barabara peke yangu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Gari lilipunguza mwendo, kondakta akatoa mkono dirishani: "Mjini, mama?" Nilikuwa nimevaa blauzi yangu. Nilikuwa na simu. Sikuwa mtu wa eda. Nikafungua mdomo, na kwa kweli hata leo sijui ningemjibu nini.

Mtoto akalia. Ni mbali kutoka benchi mpaka barabarani, na upepo ulikuwa unapeleka sauti upande mwingine, lakini nilisikia, au mwili ulisikia. Kifua kikaniuma kwa kukaza, kisha kikaachia. Nikatazama chini. Pale kifuani, mahali pale pale blauzi ilipokuwa imenikaa vizuri tangu siku ya kwanza, maziwa yalikuwa yanaenea kwenye kijani, mshono hadi mshono, yanashuka kuelekea kiunoni. Uzi wa pamba hunywa upesi.

Kondakta aliona, akageuza uso kwa adabu, akagonga bati gari liondoke. Nikakunja mikono kifuani, nikarudi getini.